Mgahawa wa kumtoa baba mkwe, mama wawili na watoto wa miaka 2: nimebaki na sehemu tatu, nisaidieni kuchagua (Dar)

Mama Pacha

Wakuu, habari za muda huu. Baba mkwe anatimiza miaka 80 na tumekubaliana kumtoa Jumapili mchana, siyo kupika nyumbani. Tuko 11. Wazee ni watatu: baba mkwe mwenyewe, anayevaa mashine ya kusikia, mama mkwe, magoti yanamsumbua na anatembea na fimbo, na mama yangu mzazi, ana kisukari na anachoma sindano. Watoto ni watatu: pacha wangu wa miaka 2, na wa wifi yangu mwenye miezi 14. Waliobaki ni sisi wakubwa watano pamoja na dada anayetusaidia nyumbani. Mfuko ni laki tatu, usizidi.

Nimebaki na sehemu tatu:

Ya kwanza iko ufukweni Mbezi Beach. Mabanda ya makuti, upepo, bembea za watoto, viti vya plastiki juu ya mchanga.

Ya pili iko Mikocheni, ghorofa ya kwanza. Kiyoyozi, vigae vinang'aa, vioo kila upande, menyu ndefu. Mume wangu anaipenda hii.

Ya tatu ni bustani huku kwetu Segerea. Kuchoma, ndizi, supu, chini kuna matofali, ina bwawa la kuogelea katikati na runinga za mpira.

Mara ya mwisho tulitoka na baba alikaa saa mbili nzima akitabasamu tu bila kuchangia neno. Tulipofika nyumbani akasema, "Chakula kilikuwa kizuri, ila sikusikia mtu." Kauli hiyo sijaisahau. Natanguliza shukrani.

Mjukuu wa Segerea

Ufukweni, hamna mjadala. Sehemu ya wazi haina mwangwi, sauti inapotea hewani. Watoto wanacheza mchanga, wazee wanapata upepo. Piga simu tu mapema wakuwekee meza. Na mashine ya baba mwongezeeni sauti kidogo, itatosha.

Jembe la Mwanza

Dada, ukitaka kufungua mgahawa wa familia uangalie kwanza sehemu yenye maegesho, mengine yatafuata. Mimi nimefanya biashara hii Mwanza miaka minne. Wateja wenye watoto wanakuja na gari, na wakikosa pa kuegesha hawarudi.

Mama Pacha

Asante kaka, ila mimi naenda kula, sifungui. Maegesho nimeyachukua hata hivyo, maana mama mkwe hawezi kutembea kutoka barabarani.

Kaunta Namba Tatu

Mama Pacha, nimehudumu migahawa ya Dar miaka 14, nikianza kubeba sahani hadi kusimamia ukumbi. Kabla ya kukuchagulia nina maswali manne. Choo kiko wapi na ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Viti vina mikono? Mtafika saa ngapi? Na umewahi kwenda hapo siku na saa hiyo hiyo, au ulipita Jumanne saa nne asubuhi hakuna mtu?

Ndugu yangu Mjukuu amesema kweli nusu. Wazi kweli hakuna mwangwi, na makuti yanameza sauti vizuri. Lakini ufukweni Jumapili kelele haitokani na mwangwi, inatokana na spika. Kuanzia saa tisa bendi inapanga vyombo, na kila banda jirani lina redio yake. Mwangwi ni tatizo la ile ya Mikocheni. Vigae chini, vioo pembeni, jipsamu juu: hakuna kitu hata kimoja kinachomeza sauti. Wakikaa watu 60 mle ndani, kila meza inapandisha sauti ili ishinde meza jirani, na kufikia saa nane mnapigiana kelele huku hakuna muziki wowote.

Na mashine ya masikio msiiongeze sauti. Inakuza kila kitu kwa pamoja, vijiko na viti vinavyoburuzwa vikiwemo. Mzee ataivua na kuitia mfukoni. Nimewaona wengi wakifanya hivyo mezani.

Mama Pacha

Baba aliivua! Tuliikuta kwenye mfuko wa shati jioni. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

Maswali yako: kwenda siku na saa ile sijaenda. Viti na choo sikuangalia. Tulipanga kufika saa nane baada ya ibada.

Kaunta Namba Tatu

Saa nane ndiyo saa mbaya kuliko zote. Makanisa yametoka, jiko limezidiwa, na kuku wa kuchoma uliyeagiza atakuja saa tisa na robo huku pacha wamelala au wanalia. Fikeni saa sita na nusu. Mechi za Uingereza za Jumapili kwetu zinaanza saa kumi, na majira yao ya baridi saa kumi na moja, kwa hiyo wenye mpira hawajajaa bado. Mkimaliza saa tisa mmeondoka kabla bendi na mashabiki hawajaingia.

Jumapili hii kabla ya siku yenyewe, nenda sehemu mbili kati ya hizo saa saba mchana, na mtu mmoja tu. Agizeni soda. Kaeni kila mmoja upande wake wa meza ndefu, muongee kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. Ukijikuta unainama mbele ili usikie, baba hatasikia kitu. Jaribio hilo halina gharama na halijawahi kunidanganya.

Halafu kaa kwenye kiti chenyewe ukajaribu kuinuka bila kutumia mikono. Ukiona wewe mwenyewe unajivuta, mama mkwe hatainuka. Kiti kizuri kwake kina urefu wa kufika magotini, kigumu, na kina mikono ya kushikia. Sofa laini zinazopendwa siku hizi ni mtego, mzee anazama na watu wawili wanamvuta makwapa mbele za watu.

Mjukuu wa Segerea

Kwa hiyo plastiki ya ufukweni si ina mikono? Inafaa basi.

Kaunta Namba Tatu

Ina mikono, ndiyo, ila iko juu ya mchanga. Mzee anapojisukuma kuinuka, uzito wote unahamia miguu ya nyuma ya kiti, inazama, kiti kinalala nyuma naye. Nilimdaka mama mmoja hivyo, alikuwa amebaki kidogo agonge kisogo kwenye nguzo ya banda. Na fimbo pia inazama. Kutoka banda hadi chooni kwenye mchanga ni safari.

Binti Likoni

Miye niko Mombasa, nataka kuongeza la mwanga. Sisi tulimpeleka nyanya yetu jioni mahali pazuri sana kando ya bahari, mishumaa kila meza. Nyanya hakuona kilichomo sahanini. Akachota pilipili akidhani ni nyanya ya kachumbari. Upepo nao ukamtia baridi, tukamfunika leso tatu. Mchana ni bora kwa wazee, hata kama jioni ni pazuri kwa macho yetu.

Mswahili wa Maskati

Huku Oman suala la kelele wamelimaliza: migahawa mingi ya kienyeji ina vyumba vya familia, mnafunga mlango au pazia, watoto wanatambaa watakavyo. Sinia moja la wali na nyama mnazunguka nyote. Lakini mnakaa chini kwenye zulia, na mama yangu wa miaka 76 kuinuka pale ilikuwa kazi ya watu wawili. Siku hizi nampigia mwenye mgahawa mapema aniwekee kiti na meza ndogo pembeni ya sinia. Anakula nasi, ila anasema anajiona kama mgeni. Sijapata jibu la hilo mpaka leo. Ukipata huko Dar sehemu yenye chumba cha pembeni, uliza.

Nesi wa Zamu

Mama Pacha, naomba nizungumzie mama yako, maana naona watu wanajadili viti tu. Unasema anachoma sindano. Anachoma kabla ya kula?

Mama Pacha

Ndiyo. Nusu saa kabla ya chakula, asubuhi na jioni, na mchana ana vidonge.

Nesi wa Zamu

Basi kosa kubwa ambalo familia nyingi hufanya ni hili: mzee anakunywa dawa nyumbani kwa sababu "tunaenda kula," mnakaa foleni Tabata, mnafika, oda inachukua saa nzima. Dawa imeshaanza kushusha sukari na chakula hakipo. Anatoka jasho, mikono inatetemeka, anakuwa mkali au anaanza kuongea yasiyoeleweka, na nyie mnadhani amechoka na joto. Dawa ya mchana isafiri kwenye mkoba, na anywe kama alivyoelekezwa kliniki, chakula kikiwa kimeonekana. Zile dalili zikitokea, mpe soda ya sukari au juisi papo hapo, siyo ile isiyo na sukari. Akiwa hawezi kumeza vizuri au anasinzia, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kabla ya siku yenyewe muulizeni pia daktari wake kuhusu ratiba hiyo, dawa hazifanani.

Kwenye menyu msimtenge. Wali kiasi, maharage, mboga za majani, samaki. Anakula na wenzake. Mzee ukimletea sahani yake peke yake ya "mgonjwa" umemharibia siku.

Kwa watoto: hao watatu wako kwenye umri wa kukabwa. Karanga zinazoletwa mezani kama kionjo ziondoke. Nyama ya mishkaki ichambuliwe nyuzinyuzi, isikatwe vipande vya mviringo. Samaki mzima mwenye miiba asikae mbele yao.

Mjukuu wa Segerea

Hapo kwenye menyu mimi napendekeza kuku wa kienyeji wa kuchoma, wazee wetu wanampenda, na ni chakula chetu.

Kaunta Namba Tatu

Wanampenda, ila meno? Kienyeji wa kuchoma ni mgumu, na mwenye meno ya bandia atamumunya kipande kimoja saa nzima kwa aibu ya kukirudisha. Kienyeji aende kwenye mchemsho, achemke mpaka nyama iachie mfupa. Mama Pacha, kama hiyo bustani ina mtori, umepata dhahabu. Mtori mzee anakunywa, mtoto wa miezi 14 anakunywa, na huwa uko tayari jikoni toka asubuhi, haungoji mkaa.

Na hapa kuna siri ya ukumbini. Usiseme tu "tuleteeni chakula." Piga simu Jumamosi jioni, toa oda nzima, halafu mwambie msimamizi mpangilio: mtori, wali na maharage vifike ndani ya dakika 15 tangu tukae, vya kuchoma vije baadaye. Mtoto wa miaka 2 anavumilia dakika kama 20 kwenye kiti, zikizidi hapo mnamfukuza kati ya meza na mhudumu mwenye supu ya moto mkononi.

Mama Pacha

Nimerudi. Jana nimekwenda Mikocheni na Segerea na wifi.

Mikocheni: lifti ipo lakini ilikuwa imezimwa, wakasema "huwa inawashwa wikiendi," na jana ilikuwa wikiendi. Ngazi 22, nimezihesabu. Jaribio la sauti: wifi alikuwa ng'ambo ya meza na sikusikia nusu ya alichosema. Choo kizuri sana. Bei: sahani ya mtu mzima wastani 28,000. Wanane ni 224,000. Watoto watatu kwa 12,000 ni 36,000. Vinywaji niliweka 40,000. Laki tatu kamili. Halafu chini kabisa ya menyu, kwa herufi ndogo, imeandikwa bei hazijajumuisha VAT. Ongeza asilimia 18, ni 54,000. Jumla 354,000. Mume wangu ameelewa.

Segerea: tumesikilizana vizuri tukiwa banda la makuti la pembeni, lakini kwenye meza za katikati spika iko juu ya kichwa. Mtori upo. Sinia la kuku wawili na chipsi na ndizi 95,000. Mtori bakuli tatu 18,000. Samaki wa foili wawili 44,000. Wali maharage sahani tatu 15,000. Vinywaji 33,000. Jumla 205,000 na kodi iko ndani, nimeuliza mara mbili.

Kinachonipa hofu ni bwawa. Halina uzio, na kutoka banda letu ni hatua kama 15. Na choo kilicho karibu kina ngazi mbili za kushuka bila kitu cha kushikia.

Nesi wa Zamu

Bwawa bila uzio na watoto watatu wa umri huo mimi ningekataa. Mtoto anazama kimya, hapigi kelele kama kwenye filamu. Watu wazima wanane mezani ndiyo hatari yenyewe, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia.

Kaunta Namba Tatu

Naelewa hofu yako Nesi, na sikupingi. Ila ukikataa kila bustani yenye bwawa Dar utabaki nyumbani. Mama Pacha, uliza banda lililo upande wa pili wa jengo, bustani nyingi zinalo, hupewa watu wa vikao. Likikosekana, wekeni zamu: mtu mmoja kwa dakika 20, hali chakula, hashiki simu, kazi yake watoto. Anayefuata anakabidhiwa kwa kutajiwa, siyo kwa kudhaniwa. Na dada yenu wa nyumbani asipewe zamu zote, naye amekuja kula.

Choo: uliza kuna kingine. Karibu kila sehemu ina choo cha ofisini au cha mapokezi ambacho wateja hawaonyeshwi. Mweleze meneja una mama wa fimbo, hatakataa.

Pia mpangeni baba: mgongo kwenye ukuta, asiwe na watu nyuma yake, na mwenye sauti nzito akae ubavuni mwa sikio lake zuri. Msimuweke kichwani mwa meza ndefu kwa heshima. Hapo ndipo mbali kuliko pote, na watu wa mwisho hawasikii. Katikati ya meza ndiyo nafasi ya mwenye shughuli.

Mswahili wa Maskati

Hilo la katikati sikulijua. Kwetu baba ni kichwani siku zote. Sijui kama wazee wangu watakubali.

Mama Pacha

MREJESHO. Tumetoka jana, nawaletea yote.

Banda la nyuma ya jengo lipo kweli, bwawa halionekani kabisa. Meneja alitufungulia choo cha mapokezi, sakafu sawa, hakuna ngazi. Viti vya mikono vitatu vilitolewa ofisini kwake. Tulifika saa sita na dakika 40, mtori ulikuwa mezani kabla hata sijamaliza kumfunga bibu mtoto wa pili.

Baba tulimuweka katikati, ukuta nyuma, mume wangu kushoto ambako anasikia vizuri. Alisita mwanzoni, akauliza nani anakaa kichwani. Tukamwambia hakuna. Baada ya muda akaanza kusimulia alivyopanda treni ya TAZARA mara ya kwanza, akiwa kijana, mpaka Mbeya. Mume wangu ana miaka 44, hakuwahi kuisikia hiyo. Pacha mmoja akauliza treni inasemaje, na baba akamjibu. Amemsikia mtoto wa miaka 2! Mashine ilikuwa sikioni mpaka tunafika nyumbani.

Yaliyokwenda vibaya. Samaki tuliambiwa hana miiba, wifi akakuta mwiba kwenye kijiko cha mtoto, tukawaondolea kabisa. Viti virefu vya watoto vilikuwa viwili tu na kimoja mkanda umekatika, kwa hiyo wawili walikaa mapajani muda wote. Saa tisa kasoro wakaweka muziki kufanya majaribio, tukaondoka bila kula keki, tumeikatia nyumbani. Bili 212,000, tuliongeza maji na bakuli moja la mtori ambalo mama mkwe aliomba mwenyewe.

Mama yangu alikunywa dawa mezani. Sukari jioni ilikuwa kawaida yake.

Kuna jambo moja sijui nilifanya sawa: dakika 20 za mwisho wifi aliwapa watoto katuni kwenye simu, mama mkwe hakupenda, akasema watoto wametoka kula na babu yao, siyo na simu.

Binti Likoni

Mama mkwe ana haki. Miye huwa nabeba vikombe vya plastiki na vijiko, wanapanga na kupangua.

Mjukuu wa Segerea

Mimi simu natoa, tena mapema. Watoto wakitulia babu anasikika. Si ndiyo lengo la uzi?

Kaunta Namba Tatu

Hilo la simu mtalimaliza wenyewe nyumbani. La samaki: wengi wanaweka sato kwenye foili, na sato ana miiba midogo ubavuni. Uliza minofu ya sangara, na umuombe mpishi akuonyeshe kabla hajaifunga. Anaifungua mbele yako, unapitisha kidole kufuata mstari wa katikati. Ukigusa kitu kinachochoma, kinarudi jikoni.

Mama Pacha

Nimeandika. Shangazi yao anakuja kutoka Tanga mwezi ujao, naye ana goti. Nimeshampigia meneja kuhusu lile banda la nyuma, amesema Jumapili hiyo lina kikao mpaka saa saba. Nimemuuliza kuhusu Jumamosi, nasubiri jibu.